Swali la mteja au kazi nzima? Kuchagua mfululizo utakaobeba kalenda ya mwezi ya chaneli yako

Biashara ndogo inapofungua chaneli ya video, kitu cha kwanza kuandikwa kwenye kalenda huwa ni siku: kila Jumanne na kila Ijumaa, saa moja jioni. Kitakachowekwa siku hizo huachwa kitajulikana huko mbele. Ikifika wiki ya tatu mada zimekauka, na mwenye biashara anarekodi salamu na picha za bidhaa ili tu Jumanne isipite bure. Uvivu hauhusiki hapo. Kalenda iliahidi siku kabla haijajulikana video zitatoka wapi.

Kwa hiyo nashauri uanzie upande wa pili. Chagua kwanza mfululizo, yaani umbo moja la video linalorudi kila mara likiwa na jambo jipya ndani yake, halafu uangalie umbo hilo linapata wapi malighafi yake. Kalenda itajipanga kufuatana na jibu hilo. Kuna maumbo mengi, lakini kwa biashara yenye watu wachache nayaona mawili tu yanayostahili kuwekwa mezani kwa uzito. La kwanza ni jibu la swali moja la mteja kwa kila video. La pili ni kazi moja halisi inayofuatiliwa tangu inapopokelewa hadi inapokabidhiwa.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitatumia karakana moja ya baiskeli kuwa mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Ina watu wawili: fundi, na mwenzake anayepokea wateja na kuandika kazi daftarini. Wana simu moja nzuri, maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola na stendi ya miguu mitatu. Wanahariri wenyewe. Wamekubaliana kwamba video isile zaidi ya saa 16 kwa mwezi, kwa sababu saa zote nyingine ni za baiskeli za watu.

Jibu la swali moja

Malighafi ya mfululizo huu iko tayari dukani. Mteja anaingia na kusema, "Fundi, cheni inaruka nikipanda mlima, nibadilishe cheni au gia zote?" Yule wa mapokezi analiandika swali hilo daftarini kwa maneno hayohayo ya mteja, pamoja na tarehe. Maneno ya mteja yana thamani kuliko maneno ya fundi. Mtu mwenye shida hiyo nyumbani ataandika kwenye kisanduku cha kutafutia "cheni inaruka", hataandika "uchakavu wa mfumo wa kuendesha". Kichwa cha video kinatoka moja kwa moja kwenye daftari.

Tuitazame video hiyo moja kwa karibu, maana umbo linajengwa na mambo madogo.

Sekunde 10 za mwanzo zinaonyesha tatizo lenyewe: pedali inasukumwa, cheni inaruka jino, mlio unasikika. Hakuna salamu, hakuna nembo inayozunguka. Baada ya hapo fundi anasoma swali kama lilivyoulizwa na kutoa jibu fupi papo hapo: inategemea cheni imerefuka kiasi gani, na unaweza kulipima mwenyewe kwa rula. Wengine huogopa kwamba wakitoa jibu mapema watazamaji wataondoka. Wanaoondoka kwa sababu wamepata jibu ni wachache kuliko wanaoondoka kwa sababu wamecheleweshwa.

Kisha unakuja upimaji. Pingili 12 kamili za cheni mpya, kila moja ikiwa na kipande cha nje na cha ndani, zina urefu wa inchi 12, karibu milimita 305. Fundi anaweka sifuri ya rula katikati ya pini moja na kuisoma pini ya mwisho. Ikiwa imepita alama ya inchi 12 kwa chini ya moja ya kumi na sita ya inchi, cheni bado ina maisha. Ikifikia hapo, karibu milimita 1.6, ibadilishe, na gia huenda zimesalimika. Ikipita moja ya nane ya inchi, karibu milimita 3.2, kuna uwezekano mkubwa kwamba meno ya gia nayo yameliwa, na cheni mpya peke yake itaendelea kuruka. Kamera iko juu ya rula muda wote, karibu kiasi cha mtazamaji kuzisoma namba.

Kinachofuata ndicho hutenganisha video ya mtu anayeijua kazi na video ya mtu aliyesoma mahali: fundi anasema lini jibu lake halifai. Cheni inaweza kuruka ikiwa mpya kabisa, kwa sababu pingili moja imekakamaa au waya wa gia umelegea. Anaonyesha namna ya kutambua: zungusha pedali kinyumenyume taratibu, uangalie pingili inayoshindwa kujikunja inapopita kwenye kigurudumu kidogo cha nyuma. Kisha anataja kazi ambayo ni afadhali uilete karakana, na video inaisha kwa kutaja swali linalofuatana na hili. Sekunde hizo za mwisho unazihitaji kwa skrini ya mwisho, ambayo YouTube huruhusu ikae kati ya sekunde 5 na 20. Kwa hiyo usikate video pale fundi anapomaliza neno. Mwache aendelee kuzungusha gurudumu wakati kiungo cha video nyingine kinaonekana.

Dakika nne hadi sita, basi. Umbo hili linarudi bila kubadilika: tatizo linaonekana, swali linasomwa, jibu fupi, ushahidi, mahali ambapo jibu halifai, swali linalofuata. Hatua sita. Fundi akizizoea haandiki skripti tena. Anaandika maneno machache kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya stendi.

Kazi moja tangu kupokelewa hadi kukabidhiwa

Hapa malighafi haipo daftarini. Inaingia mlangoni siku usiyoipanga. Baiskeli iliyokaa miaka imetupwa stoo inaletwa: tairi zimepasuka ubavuni, breki zimeganda, rimu ina kutu. Mwenyewe anataka kuipanda tena. Ukirekodi vizuri, una hadithi yenye kitu ambacho jibu la swali halina, nacho ni wasiwasi. Mtazamaji hajui kama kigingi cha kiti kilichogandia ndani ya fremu kitatoka au kitavunjika, na fundi naye hajui.

Kwa ajili hiyo, umbo la mfululizo huu halijengwi na hatua za kazi, linajengwa na maamuzi. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye video za aina hii ni kuonyesha kila kitu kwa mpangilio wa saa: kufungua, kusafisha, kufungua, kusafisha. Mtazamaji anachotaka kuona ni pale fundi anapochagua. Je, rimu hii yenye kutu inafaa kuokolewa au iagizwe nyingine? Kigingi kilichokwama kipakwe mafuta ya kupenya na kusubiri siku nzima, au kipashwe moto? Kila uamuzi una hatari yake, na matokeo yake yanaonekana. Video ya dakika 8 hadi 12 inabeba maamuzi matatu au manne hivi. Yaliyobaki yapite kwa kasi.

Ugumu wake hauko kwenye kuhariri peke yake. Kuna picha ambazo hazirudiwi. Hali ya baiskeli ilipoingia inarekodiwa kabla boliti ya kwanza haijaguswa. Ukisahau, huna mwanzo, na video isiyo na mwanzo huo haina thamani hata kama umalizio wake unang'aa. Sauti ya kigingi kinapoachia inasikika mara moja tu. Mikono ya fundi imejaa grisi, kwa hiyo hawezi kushika simu, na yule wa mapokezi ana wateja. Suluhisho la kawaida ni stendi isimame mahali palepale kando ya meza, na simu iwashwe kabla ya kila uamuzi badala ya kuachwa ikirekodi siku nzima. Simu inayorekodi siku nzima inakuachia saa nyingi za picha ambazo hakuna atakayezikaa kuzitazama.

Kisha kuna ruhusa. Baiskeli ni ya mtu. Muulize anapoileta, si anapoichukua, na umwambie wazi nini kitaonekana: baiskeli peke yake, au na yeye pia. Ruhusa iandikwe kwenye karatasi ileile ya kupokea kazi. Mteja akikataa siku ya mwisho, umepoteza video nzima.

Yanavyokaa kwenye kalenda

Tofauti kubwa inaonekana hapa. Jibu la swali linaweza kurekodiwa kwa mkupuo. Kazi nzima haiwezi.

Chukua mwezi mmoja wa karakana yetu wakitumia majibu ya maswali, video moja kila Jumanne. Wiki ya mwisho ya mwezi uliopita, wawili hao wanakaa na daftari kwa saa moja na kuchagua maswali manne. Kanuni yao ni rahisi: matatu yawe yasiyochuja, yaani yataulizwa mwaka huu na mwaka ujao, na moja liwe la msimu au la bidhaa iliyoingia karibuni. Wanahakikisha pia kwamba angalau mawili yanahusiana, ili skrini ya mwisho ya moja ielekeze kwenye nyingine. Saa mbili zinakwenda kwenye kuandika karatasi za hatua sita na kuandaa vifaa: cheni mbovu, cheni nzima, gia zilizoliwa, vyote kwenye trei moja kwa kila swali.

Siku ya kurekodi inachukua alasiri moja, muda wa saa tatu hadi nne, karakana ikiwa na wateja wachache. Taa na stendi vinapangwa mara moja. Fundi anabadilisha aproni au anahamia upande mwingine wa meza, la sivyo video nne zitaonekana ni moja. Kuhariri ni kama saa moja na nusu kwa kila video, jumla saa sita. Kijipicha, yaani picha ndogo inayoonekana kabla video haijafunguliwa, pamoja na kichwa na maelezo ni nusu saa kwa kila video, jumla saa mbili. Ukijumlisha unapata saa 14 au 15, na saa moja inabaki ya kujibu maoni. Video zote nne zinapakiwa na kupangiwa tarehe kwa kitufe cha `Schedule` kabla Jumanne ya kwanza haijafika. Fundi akiugua wiki ya pili, chaneli haijui.

Sasa weka kazi nzima mahali pale pale. Kurekodi kunaongeza kama saa mbili juu ya kazi yenyewe, zikiwa zimetawanyika kwa siku kadhaa. Kupitia picha, kuchagua maamuzi, kuhariri na kuweka sauti ya maelezo kunachukua saa tano kwa mtu aliyezoea. Ongeza kijipicha, ambacho hapa kinahitaji muda zaidi, na unafika saa nane kwa video moja. Saa 16 zinatosha video mbili kwa mwezi. Anayeahidi nne kwa umbo hili bila kuongeza mtu atakata kwenye baiskeli za wateja, na wateja wataona.

Hata hizo mbili haziwezi kupewa tarehe mapema. Kipuri kinachelewa, kigingi kinavunjika, mteja anabadili nia. Kwa hiyo kalenda ya umbo hili ina safu tatu badala ya mstari wa tarehe: kazi zinazorekodiwa, kazi zinazosubiri kuhaririwa, na video zilizo tayari. Kanuni yake moja ni kwamba kazi haipewi tarehe ya kutoka hadi picha ya mwisho, ile ya makabidhiano, iwe mkononi. Ya pili, na hii ndiyo huwashinda watu, ni kwamba safu ya zilizo tayari isibaki tupu. Ukitoa video iliyokuwa ya mwisho kwenye safu hiyo, mwezi ujao una pengo.

| | Jibu la swali | Kazi nzima |
|---|---|---|
| Malighafi | Daftari la maswali | Kazi inayoingia siku yoyote |
| Kurekodi | Mkupuo, alasiri moja | Kidogo kidogo, siku nyingi |
| Saa kwa video moja | Karibu 4 | Karibu 8 |
| Idadi ndani ya saa 16 | 4 | 2 |
| Tarehe inapangwa lini | Kabla ya Jumanne ya kwanza | Baada ya picha ya mwisho |
| Kinachoiua | Maswali yanayojirudia | Mwanzo uliosahauliwa, kipuri kilichochelewa |

Saa hizo ni makadirio yangu kwa mtu anayehariri mwenyewe akiwa na uzoefu kidogo. Miezi ya mwanzo ongeza theluthi moja kwenye kila upande. Uwiano baina yao hautabadilika sana.

Watazamaji wanafikaje

Wengi hulinganisha video mbili hizi kwa kutazama idadi ya waliotazama wiki ya kwanza, na kwa kipimo hicho jibu la swali hushindwa karibu kila mara. Kipimo hicho si cha haki kwake. Jibu la swali hutegemea watu wanaotafuta, na watu hutafuta siku wanapoharibikiwa. Video ya cheni inapata watazamaji wachache siku ya kwanza, wachache ya pili, na inaendelea hivyo kwa miezi. Kazi nzima hutegemea kuonyeshwa kwenye ukurasa wa mwanzo na kando ya video nyingine. Kwa kawaida inapanda siku za mwanzo, halafu ama inatulia ama inabebwa mbali zaidi.

Unaweza kuliona hili kwenye YouTube Studio, sehemu ya takwimu, chini ya aina za vyanzo vya watazamaji. Mfululizo wa maswali ukifanya kazi yake, mstari wa `YouTube search` utakuwa mkubwa, na ukiufungua utayaona maneno ambayo watu waliyaandika. Linganisha maneno hayo na daftari lako. Yakiwa tofauti, badilisha vichwa vya video kabla hujabadilisha mfululizo. Kwa kazi nzima, mstari wa kutazama ni `Browse features`. Ukiwa mdogo sana, mara nyingi kijipicha ndicho kimeshindwa: kinaonyesha baiskeli iliyokamilika badala ya ile iliyokufa, na mtu anayepita hana sababu ya kusimama.

Mchoro wa `Audience retention`, unaoonyesha ni watazamaji wangapi bado wapo kadiri video inavyoendelea, nao unasomwa tofauti kwa kila umbo. Kwenye jibu la swali angalia nusu dakika ya kwanza. Mstari ukishuka ghafla hapo, ama umesalimia kwa muda mrefu, ama kichwa kimeahidi jambo ambalo video haikulifungua mapema. Kushuka karibu na mwisho, baada ya jibu kukamilika, si tatizo. Kwenye kazi nzima tazama katikati. Mstari unaolegea katikati na kupanda tena karibu na mwisho maana yake ni kwamba watu wameruka kwenda kuona matokeo, na wewe umeweka usafishaji mwingi mno kati ya uamuzi mmoja na mwingine.

Suala la namba za vipindi linahusika hapa pia. Usiandike "Sehemu ya 7" kwenye kichwa cha jibu la swali. Aliyefika kwa kutafuta hajaona sita zilizotangulia, na namba hiyo inamwambia amechelewa. Undugu wa vipindi uonekane kwenye rangi ya kijipicha, kwenye hatua sita zinazorudi, na kwenye orodha ya kucheza. Kwa kazi nzima namba inavumilika tu kama baiskeli ileile inaendelea, na hata hapo napendelea kazi moja iishe ndani ya video moja. Sehemu ya pili hutazamwa na watu wachache kuliko ya kwanza, kwa sababu wanaoifikia ni hasa wale waliovutiwa na ile ya mwanzo.

Inavyorudi kwenye biashara

Wenye biashara wengi wanasita kwenye mfululizo wa maswali kwa hofu moja ya haki kabisa: nikifundisha, watajitengenezea. Baadhi watajitengenezea kweli. Lakini waangalie ni nani. Anayepima cheni kwa rula nyumbani hakuwa analipia kupimiwa. Akigundua gia nazo zimeliwa, atahitaji vifaa maalumu vya kuzifungua, na jina analolijua kufikia hapo ni la karakana iliyompa kipimo. Umbo hili huleta wateja wa kazi ndogo na za kati, wengi, ambao tayari wanajua tatizo lao ni nini. Pia hukuokolea muda wa mapokezi: swali linaloulizwa kila siku linajibiwa kwa kutuma kiungo.

Kazi nzima huleta mteja mwingine. Huyu ana kitu anachokipenda au cha gharama, na anaogopa kumkabidhi mtu asiyemjua. Hatafuti jibu, anatafuta mikono ya kuiamini. Video ya dakika kumi inayomwonyesha fundi akisita, akieleza sababu, akichagua, humfanyia kazi ambayo tangazo haliwezi. Wateja wa namna hii ni wachache, ila kazi zao ni kubwa.

Takwimu za chaneli haziwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Daftari linaweza. Ongeza safu moja kwenye karatasi ya kupokea kazi: "Umetufahamu kupitia wapi?" Mteja akijibu kwamba ni video, muulize ipi. Hakumbuki kichwa? Atakumbuka "ile ya rula" au "ile ya baiskeli ya kutu", na inatosha.

Kuchagua, na kuchanganya

Kama biashara yako inauza utaalamu usioonekana kwa macho, kama ushauri, hesabu, bima au matengenezo ya ndani ya mashine, chukua jibu la swali bila kusita. Kazi nzima ya mhasibu haina picha. Kama matokeo yako yanaonekana kwa jicho na kila kazi ni tofauti na nyingine, kama useremala, upambaji au ushonaji, kazi nzima inaweza kuwa mfululizo wako mkuu, mradi ukubali video mbili kwa mwezi na usione haya kwa uchache huo.

Karakana yetu iko katikati, na huko ndiko ziliko biashara nyingi. Ningeishauri hivi: miezi mitatu ya mwanzo iwe ya majibu ya maswali tu, vipindi 12. Kuna sababu mbili. Ya kwanza, fundi anajifunza kuongea mbele ya kamera kwenye video ambayo ikiharibika inarudiwa palepale, badala ya kujifunzia kwenye kazi isiyorudiwa. Ya pili, kila jibu linakuwa kiungo cha kutumia baadaye. Kazi nzima ya baiskeli ya stoo inapofika kwenye cheni, fundi hahitaji kueleza upimaji. Anaipima kwa sekunde tano na kuwaelekeza kwenye video ya rula.

Mwezi wa nne ndipo mchanganyiko unaanza: majibu mawili na kazi nzima moja. Hesabu ni saa nane kwa majibu na nane kwa kazi. Usiweke majibu matatu na kazi moja ukidhani tofauti ni ndogo. Hiyo ni saa 20, na hizo nne za ziada zitatoka usiku. Jumanne moja ya mwezi inabaki tupu kwa makusudi. Mtazamaji aliyefika kwa kutafuta haijui Jumanne yako, na aliyejiunga na chaneli hataondoka kwa wiki moja ya kimya. Kazi nzima iwekwe Jumanne ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoweza kuchelewa. Ikichelewa, inasogea mwezi ujao na jibu la akiba linachukua nafasi yake. Jibu hilo la akiba lirekodiwe mwezi wa tatu, kipindi cha 13, na likitumika lirekodiwe lingine kwenye mkupuo unaofuata.

Mifululizo miwili ndani ya chaneli moja inahitaji itofautike kwa kutazama tu. Rangi moja ya usuli wa kijipicha kwa maswali, picha halisi ya kazi kwa nyingine, na orodha mbili za kucheza. Usizichanganye kwenye orodha moja ya "video zetu zote", kwa sababu mtu aliyekuja kwa ajili ya breki atapelekwa kwenye hadithi ya dakika 12 asiyoiomba, naye ataondoka.

Mwisho wa mwezi wa sita, fungua daftari na takwimu pamoja. Ikiwa wateja waliotaja "ile ya baiskeli ya kutu" wameleta kazi zinazolipia zile saa nane, ongeza kazi nzima ya pili na ushushe majibu yote, ukiendesha kwa akiba uliyonayo. Ikiwa hakuna aliyeitaja, rudi kwenye majibu manne kwa mwezi, na ile alasiri moja ya kurekodi. Na ikiwa daftari la maswali limeanza kujirudia, kwamba maswali mapya mwezi huu hayakufika manne, usiyalazimishe. Punguza hadi mawili, uchukue majibu ya zamani ambayo bado yanapata watazamaji wa kutafuta, na uyarekodi upya kwa sauti bora na kichwa chenye maneno ambayo watu wameyaandika wenyewe.